Kucha nyeusi baada ya mbio ndefu au kushuka mlima: damu imefikaje huko chini na ufanye nini

Umemaliza mbio za kilomita nyingi au umeshuka mlima siku nzima, unavua soksi jioni unakuta kucha ya kidole gumba imeiva kama zambarau. Wengine haiwaumi kabisa wanashtuka tu na rangi, wengine wanalala macho wazi kwa sababu kidole kinapwita kama kina moyo wake. Hao wawili wana tatizo moja, ila dawa yao si moja, na hapo ndipo watu wengi wanachanganya mambo: asiye na maumivu anatoboa kucha iliyokuwa inaendelea vizuri, na mwenye maumivu makali anavumilia siku tatu mpaka damu imeganda na haitoki tena.

Kwanza tuelewe kinachotokea, maana ukishaelewa hili mengine yote utajiongeza mwenyewe.

Damu inatoka wapi

Kucha yenyewe ni kitu kigumu kilichokufa, haina damu wala mishipa ya fahamu, ndio maana ukiikata huumii. Lakini imelala juu ya nyama laini yenye vimishipa vidogo vidogo vya damu kibao, na chini ya hiyo nyama hakuna mafuta wala msuli wa maana, kuna mfupa moja kwa moja. Kwa hiyo hiyo nyama imebanwa katikati ya vitu viwili vigumu.

Ukiwa unashuka, kila hatua mguu unateleza mbele ndani ya kiatu kidogo tu, labda milimita chache, ncha ya kucha inagonga mbele ya raba. Kucha ikigongwa kwa mbele haibaki ilipo, inasukumwa nyuma kuelekea kwenye shina lake na inanyanyuka kidogo kutoka kwenye nyama, halafu inarudi. Mara moja haina shida. Ila ukishuka saa nne tano unazungumzia maelfu ya hatua, na kila hatua ni kipigo kidogo palepale, mpaka vimishipa vinachanika na damu inaanza kuvuja. Huoni pigo lolote kubwa, hukumbuki kujikwaa popote, ndio maana mtu anaapa kabisa kwamba hajaumia.

Mbio ndefu kwenye njia tambarare nazo zinafanya hivyo hivyo ila kwa njia nyingine kidogo. Miguu inavimba ukikimbia muda mrefu, hasa kwenye joto, kiatu kilichokuwa kinakutosha asubuhi kinakuwa kimebana ukifika mwishoni, na soksi ikilowa jasho mguu unateleza zaidi. Kama kidole chako cha pili ni kirefu kuliko gumba (wapo wengi sana) basi hicho ndicho kitakachokula kipigo chote, na watu wa aina hii mara nyingi wananunua kiatu kwa kupima gumba wakati kidole kinachogonga ni kingine.

Sasa damu ikishavuja inakwenda wapi? Haina pa kutokea. Juu kuna kucha, chini kuna mfupa, pembeni kucha imeshikana na ngozi. Inajikusanya na presha inapanda, na hiyo presha ndiyo inayouma, sio kidonda chenyewe. Ikivuja taratibu na kidogo, kucha inalegea kidogo kuipisha nafasi na huumii. Ikivuja haraka na nyingi, ndio ule usiku wa kutolala.

Jioni ya kwanza

Vua viatu, osha mguu kwa maji na sabuni, kausha vizuri, halafu angalia kwa utulivu kabla hujagusa chochote. Unataka kujua vitu vitatu. Je kucha bado imeshikana pembeni zote au imeng'oka upande mmoja? Je ngozi inayozunguka kucha imepasuka? Na ukibonyeza kidole chenyewe pembeni na chini, sio kucha, kinauma kwenye mfupa? Kama kuna kitu kilikuangukia au ulipiga jiwe kwa nguvu na kidole kimevimba chote, hiyo ni habari nyingine, unahitaji eksirei kwa sababu mfupa wa ncha ya kidole unaweza kuwa umepasuka. Kucha iliyong'oka kwenye shina au nyama iliyochanika pia ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kama hakuna hayo, lala mguu ukiwa juu ya mito miwili ili uwe juu kuliko moyo, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika kumi mpaka kumi na tano, pumzika, rudia baada ya saa moja au mbili. Usiweke barafu moja kwa moja kwenye ngozi. Kwa maumivu parasetamoli inatosha kwa wengi, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Aspirini iache kama si daktari aliyekuandikia, inafanya damu igande kwa shida zaidi na wewe sasa hivi unataka uvujaji usimame.

Vaa kitu cha wazi mbele. Kesho yake piga picha ya kucha ukiwa umeweka rula pembeni, utaona baadaye kwa nini nasisitiza hii picha.

Itobolewe au iachwe?

Hapa usiangalie rangi, usiangalie ukubwa wa doa, angalia maumivu na muda.

Kama huumii, au unaumia ukibonyeza tu, iache. Yaani iache kabisa. Damu itakauka, itashikana na kucha na kusogea nayo mbele kadiri kucha inavyoota. Ukitoboa kucha isiyouma hupati faida yoyote, unafungua tu mlango wa bakteria kuingia mahali ambapo palikuwa pamefungwa vizuri.

Kama kinapwita, huwezi kulala, shuka likigusa tu unaruka, na ni ndani ya siku moja au mbili tangu itokee, basi nenda zahanati au kliniki yoyote wakatoboe. Usisubiri wiki. Baada ya kama saa arobaini na nane damu inakuwa imeganda, wakitoboa hakitoki kitu cha maana, na kwa kawaida maumivu yenyewe nayo yanakuwa yameanza kushuka.

Watu wanaogopa bure hapa wakidhani wanakwenda kung'olewa kucha. Zamani kweli ilikuwa doa likizidi nusu ya kucha wanaing'oa kuangalia nyama ya chini, ila siku hizi kama kucha imeshikana vizuri pembeni na hakuna mfupa uliohama, tundu dogo linatosha hata kama kucha yote imekuwa nyeusi. Mhudumu anasafisha kidole, anatumia sindano nene anayoizungusha kwa vidole taratibu kama anatoboa shanga, au kifaa chenye ncha ya moto, mpaka anapita kucha. Akishapita tu presha inaachia, damu inachuruzika na maumivu yanashuka papo hapo, mtu aliyeingia anachechemea anatoka anatabasamu. Kwa kuwa kucha haina mishipa ya fahamu, mara nyingi hata ganzi haihitajiki. Kama umepaka rangi au umebandika kucha za bandia waambie, vitu hivyo vinashika moto na lazima vitolewe kabla ya kifaa cha moto kukaribia.

Najua wakimbiaji wengi wanafanya hii nyumbani kwa pini iliyochomwa kwenye kiberiti. Mimi sishauri, na sio kwa woga tu. Pini inayopashwa kwa kiberiti inatoka na masizi, mkono ukiteleza unachoma nyama ya chini ambayo ndiyo inayoshikilia kucha mpya, na kikubwa zaidi ni kwamba chini ya hiyo nyama kuna mfupa, maambukizi yakifika kwenye mfupa unazungumzia dawa za wiki kadhaa. Mwenye kisukari, mwenye miguu yenye ganzi au damu isiyofika vizuri miguuni, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye kinga iliyoshuka, huyo asijaribu hata kidogo na aende kuonwa hata kama haumii. Na ukiwa huko uliza kuhusu sindano ya pepopunda kama hukumbuki mara ya mwisho ulichomwa lini.

Wakati mwingine kuna malengelenge ya damu yanatokeza mbele ya kucha kwenye ngozi, yenyewe yanapasuka na kutoa damu na unapata nafuu bila kutobolewa. Likitokea hilo osha, funika, usichune ngozi.

Baada ya kutobolewa

Tundu litaendelea kutoa majimaji yenye damu kwa siku moja au mbili, hiyo ni kawaida na unataka iwe hivyo. Weka kitambaa safi cha vidonda kutoka duka la dawa, kibadilishe kila siku au kikilowa, osha kwa maji na sabuni, kausha. Usiloweke mguu kwenye beseni na usiingie kwenye bwawa siku hizo za mwanzo. Antibiotiki kwa kawaida hazihitajiki kama kila kitu kilikuwa safi.

Kinachotakiwa kukushtua ni maumivu yaliyokuwa yamekwisha halafu yanarudi siku ya tatu au ya nne, na kidole kinakuwa chekundu na cha moto na wekundu unapanda kuelekea mguuni, usaha, harufu, au homa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo tumia mgongo wa kiganja kulinganisha joto la kidole hicho na cha mguu mwingine, na angalia kama ngozi inang'aa na imevutika. Ukiona hivyo rudi siku hiyo hiyo.

Mfano wa jamaa mmoja

Jamaa ninayetembea naye milimani alishuka siku nzima na buti mpya, namba sahihi kabisa dukani. Jioni gumba la kulia limekuwa jeusi robo tatu na kidole cha pili cha kushoto kina doa dogo kwenye ncha. La kushoto halikumuuma. La kulia lilianza kupwita saa mbili usiku na usiku wa manane akawa amekaa kitandani ameuweka mguu ukutani.

Asubuhi akaenda kliniki, wakaangalia mfupa kwa kubonyeza, hakukuwa na kitu, wakatoboa tundu moja katikati ya doa. Cha kushoto waliacha. Siku ya tatu akawa anavaa raba pana bila shida, wiki iliyofuata akakimbia kidogo kwenye njia tambarare.

Baada ya miezi mitatu hivi kucha ya kulia ikaanza kucheza, ukiigusa upande wa nyuma unaiona inanyanyuka na chini yake kuna kucha mpya nyembamba imeshafika theluthi. Akataka kuivuta. Tulimwambia akate tu sehemu iliyoachia, avike kidole plasta ya kitambaa inayozunguka mara moja ili isinase kwenye soksi, na aiache idondoke. Ilidondoka bafuni mwezi wa nne, bila damu. Mpya ilitoka na mawimbi mawimbi na nene kidogo pembeni, ikachukua zaidi ya mwaka kufika mbele. Doa dogo la kushoto lenyewe lilisogea mbele na kukatwa na kikata kucha, hadithi ikaishia hapo, na kusema kweli hivyo ndivyo kucha nyingi nyeusi zinavyokwisha.

Kucha ikilegea

Usiivute. Sehemu ambayo bado imeshika ndiyo inayolinda nyama, ukiing'oa kwa nguvu unachana kitu kilichokuwa kinapona. Kata kidogo kidogo kile kilichoachia na usawazishe ukingo kwa tupa ya kucha. Ikishadondoka, nyama ya chini inakuwa laini na inauma siku chache halafu inakauka na kuwa ngumu, wakati huo funika ukivaa kiatu na acha wazi ukilala.

Weka pakavu. Nafasi kati ya kucha iliyolegea na nyama ni mahali fangasi wanapapenda sana, na mtu anaweza kukaa mwaka mzima akidhani ni damu kumbe ni fangasi. Tofauti ni kwamba fangasi wanafanya kucha iwe nene, ya njano au kahawia, inamomonyoka na chini kuna unga unga. Kucha mpya ikikaribia ncha ya kidole angalia kona zake zisije zikachimba ngozi, kwa kuwa bila kucha ya zamani nyama ya mbele huwa imepanda kidogo na inaizuia njia.

Kama sio damu

Hapa sasa ile picha yenye rula inafanya kazi yake. Kucha ya mguu inaota takriban milimita moja na nusu kwa mwezi, gumba zima linachukua mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu. Damu imekaa kwenye kucha, kwa hiyo inasafiri nayo: baada ya miezi miwili mitatu utaona sehemu safi ya rangi ya kawaida imetokea nyuma karibu na ngozi, na doa limesogea mbele milimita tatu au nne. Piga picha kila mwezi palepale kwenye mwanga ule ule, ukiona inasogea relaksi.

Ambayo haisogei, au inaonekana kama mstari unaotoka nyuma mpaka mbele, au inapanuka, au rangi inamwagikia kwenye ngozi ya nyuma au pembeni ya kucha, au ilitokea bila mbio wala kushuka popote, ipeleke kwa daktari wa ngozi. Kuna saratani ya ngozi iitwayo melanoma inayoweza kuanzia chini ya kucha na inafanana sana na damu. Bob Marley ndiye anayejulikana zaidi: kidole gumba cha mguu wa kulia, ilidhaniwa ni jeraha la mpira wa miguu, mwaka 1977 ikagundulika ni melanoma, akafariki Mei 1981. Sisemi hivi kukutisha, ni nadra, na sisi wenye ngozi nyeusi tunakuwa na mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa ambayo ni ya kawaida kabisa. Mstari mmoja peke yake, kwenye gumba, unaozidi kupanuka, huo ndio wa kuonyesha.

Isirudie tena

Anza na kucha zenyewe. Zikate siku mbili tatu kabla ya safari, sio usiku wa kuamkia, ili ukikosea kuwe na muda wa kupona. Kata moja kwa moja bila kuchimba kona, bakiza kama milimita moja ya weupe. Halafu pitisha kidole cha mkono kutoka mbele ya ncha kuelekea juu, kidole kikigusa kucha kabla ya nyama bado ni ndefu.

Kiatu kipime jioni miguu ikiwa imevimba, na soksi utakazovaa. Toa soli ya ndani, simama juu yake, mbele ya kidole kirefu kuliko vyote (sio lazima gumba!) pabaki upana wa kidole gumba cha mkono. Kisha vaa, funga kamba, tafuta mteremko au ngazi, ushuke au upige ncha ya kiatu chini mara tatu. Kidole kikigusa mbele hicho kiatu hakifai kwa kushuka hata kama kinaonekana kizuri. Ila usikimbilie kununua kikubwa sana, kiatu kikubwa kinaacha mguu uteleze na kupata spidi kabla ya kugonga, unarudi palepale.

Kwa maoni yangu kitu kinachosaidia kuliko vyote ni kamba, na ni bure. Raba nyingi zina tundu la ziada juu kabisa kila upande ambalo watu hawalitumii. Funga kawaida mpaka tundu la kabla ya mwisho, kisha ingiza kamba kwenye tundu la mwisho la upande uleule kutokea nje kwenda ndani, ukiacha kitanzi kidogo nje. Fanya hivyo pande zote mbili, pitisha ncha ya kulia kwenye kitanzi cha kushoto na ya kushoto kwenye cha kulia, vuta kuelekea kisigino, sio juu, ndipo ufunge. Kisigino kinakamatwa na mguu hauendi mbele. Kaza huku juu karibu na kifundo, legeza kwa mbele vidoleni. Na kabla ya kuanza kushuka simama ukaze upya, kwa sababu kamba ulizofunga asubuhi ukipanda zimeshalegea ukifika juu, na karibu kila mtu anasahau hii.

Ukishuka piga hatua fupi za haraka, usiegemee nyuma ukipiga breki kwa kisigino, na miteremko mikali pita kwa zigizaga. Badilisha soksi zikilowa. Kama kidole kimoja kinarudia kila safari, kuna vifuniko vya silikoni vya kuvika kwenye ncha, ila vinaongeza unene, kwa hiyo vijaribu kwanza ndani ya kiatu chenyewe kwenye matembezi mafupi, kiatu kilichobana tayari kitazidi kubana.